Secco, Classico, Riserva: Ahadi Zilizomo Kwenye Lebo ya Mvinyo wa Italia

Kwenye lebo ya mvinyo wa Italia, neno secco huzungumzia sukari, classico huzungumzia ardhi, na riserva huzungumzia muda. Maneno yote matatu yamefafanuliwa na sheria, na mzalishaji haruhusiwi kuyabandika kwenye chupa apendavyo. Hata hivyo hakuna hata moja linalomhakikishia mnunuzi kwamba mvinyo uliomo ni mzuri. Linachomhakikishia ni jambo dogo zaidi, ambalo linaweza kupimwa maabara, kuonyeshwa kwenye ramani au kuhesabiwa kwa kalenda. Anayeongeza pesa kwa ajili ya neno moja kati ya haya hana budi kujua ni kipimo gani hasa anachokilipia.

Msingi wa mfumo huu uliwekwa mwaka 1963, Italia ilipotunga sheria ya kulinda majina ya mvinyo kufuatana na mahali unakotoka. Tangu hapo maeneo yanayotambuliwa hupewa herufi DOC, na yale yenye masharti makali zaidi hupewa DOCG. Kila eneo lina kanuni yake iliyochapishwa, inayotaja aina za zabibu, mipaka ya mashamba, tani zinazoruhusiwa kuvunwa kwa hekta, kiwango cha chini cha kilevi na muda wa kuuhifadhi mvinyo kabla haujauzwa. Chupa ya DOCG huzungushiwa au hubandikwa shingoni ukanda mwembamba wa karatasi wenye namba, ambao hutolewa chini ya udhibiti wa serikali. Chini ya ngazi hizo mbili kuna IGT, yenye masharti mepesi, halafu mvinyo wa kawaida unaoandikwa vino na kuishia hapo. Maneno classico na riserva ni ya DOC na DOCG peke yake. Yakionekana juu ya mvinyo usio na herufi hizo, kuna kasoro.

Secco, linalotamkwa seko, ndilo rahisi kulielewa kwa mvinyo wa kawaida usio na mapovu. Juisi ya zabibu zilizoiva ina sukari nyingi. Hamira huila sukari hiyo na kuigeuza kuwa kilevi na gesi. Ikiachwa imalize kazi yake, hubaki sukari kidogo sana, na mvinyo wa namna hiyo ndio wauzaji wengi wa Afrika Mashariki wanaouita drai. Kanuni za Umoja wa Ulaya, ambazo Italia inazifuata, zinasema mvinyo utaitwa secco ikiwa sukari iliyobaki haizidi gramu 4 kwa lita. Katika chupa nzima ya mililita 750 hizo ni gramu 3, pungufu ya kijiko kimoja cha chai.

Kuna nafasi kidogo ya ziada. Mvinyo wenye uchachu mkubwa unaweza kufika gramu 9 za sukari kwa lita na bado ukaitwa secco, mradi sukari hiyo isiuzidi uchachu kwa zaidi ya gramu 2 kwa lita. Sababu ni ya ulimi: uchachu huuficha utamu, na mnywaji wa mvinyo mweupe wenye gramu 7 za uchachu na 9 za sukari anaweza kuapa kwamba haukuwa na sukari kabisa. Asiyetakiwa kula sukari kwa sababu za kiafya hawezi basi kulichukua neno secco kuwa na maana ya sufuri.

Juu ya secco kuna ngazi nyingine tatu. Abboccato ni mvinyo wenye utamu wa mbali, ambao kwa kawaida hauzidi gramu 12 kwa lita. Amabile huanzia hapo na kwenda hadi gramu 45, na utamu wake hausubiri kutafutwa. Kuanzia gramu 45 mvinyo huitwa dolce. Mji wa Orvieto, katika mkoa wa Umbria, unaonyesha vizuri kwa nini maneno haya yanahitajika, kwani mvinyo wake mweupe hutengenezwa kwa ngazi zote hizo, na anayechukua chupa rafuni bila kusoma anaweza kufika nyumbani na kinywaji tofauti kabisa na alichokusudia. Kwa upande mwingine, mvinyo mwekundu maarufu kama Barolo au Chianti (hutamkwa Kianti) hauandikwi secco, kwa sababu kanuni za maeneo hayo zinautaka uwe hivyo tangu mwanzo. Kukosekana kwa neno hapo si dalili ya utamu.

Wanywaji wengi wageni huchanganya ukavu huu na ule mkwaruzo unaobaki kwenye fizi na ulimi baada ya kunywa mvinyo mwekundu. Mkwaruzo huo unatokana na tanini, kemikali iliyomo kwenye maganda na mbegu za zabibu, na ndio uleule unaopatikana kwenye chai ya rangi iliyoachwa na majani kwa muda mrefu. Chai hiyo ikitiwa sukari bado itakwaruza. Mvinyo nao unaweza kuwa secco na laini, au mtamu na wenye kukwaruza. Neno secco halisemi lolote kuhusu tanini, na anayeukimbia mkwaruzo kwa kuacha kununua secco anakimbia kitu kisichohusika.

Mtego hasa uko kwenye mvinyo wa mapovu, ambao Waitalia huuita spumante. Hapo sheria inatumia ngazi nyingine kabisa. Brut ina sukari isiyofika gramu 12 kwa lita, Extra Dry ina gramu 12 hadi 17, na secco, ambayo mara nyingi huandikwa Dry, ina gramu 17 hadi 32. Kwa hiyo neno lililoahidi chini ya kijiko kimoja cha sukari katika chupa ya kawaida linaahidi vijiko vitatu hadi sita katika chupa ya mapovu. Ngazi hii ilirithiwa kutoka Ufaransa ya karne ya 19, wakati mvinyo wa mapovu ulikuwa mtamu mno kiasi kwamba wenye gramu 30 ulionekana mkavu ukiwekwa kando ya mwingine. Vionjo vya watu vimebadilika tangu wakati huo, lakini maneno yamebaki palepale.

Prosecco ndiyo inayowanasa watu wengi zaidi. Mnunuzi asiyependa utamu huiona chupa ya Dry pembeni ya Brut, akachukua Dry kwa kudhani amepata yenye sukari kidogo, kumbe amechukua iliyo tamu zaidi. Alipaswa kutafuta Brut au Extra Brut. Jina lenyewe la Prosecco halimsaidii, maana linaishia na herufi zilezile. Halihusiani na sukari. Prosecco ni kijiji karibu na mji wa Trieste, na mwaka 2009 jina hilo liliwekewa mipaka ya kisheria kama eneo, huku zabibu iliyokuwa ikiitwa hivyo ikianza kuitwa Glera. Jambo zuri ni kwamba kwa mvinyo wa mapovu neno la kiwango cha sukari ni la lazima. Likikosekana kwenye lebo ya mbele, lipo nyuma.

Marsala ya Sisilia, mvinyo unaoongezewa kilevi na kutumiwa sana jikoni, ina ngazi ya tatu. Huko secco inaruhusiwa kubeba sukari hadi gramu 40 kwa lita, ambayo kwa mvinyo wa kawaida ingekaribia kabisa kuwa dolce. Anayepika mchuzi wa kuku kwa Marsala secco asishangae ukiwa na utamu.

Classico ni ahadi ya mahali. Ili kuielewa, hakuna mfano bora kuliko Chianti, ilikoanzia rabsha yenyewe. Vilima vilivyo kati ya miji ya Firenze na Siena, katika mkoa wa Toscana, vimekuwa vikitoa mvinyo wenye jina hilo kwa karne nyingi. Mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo wa Tatu wa ukoo wa Medici, alitoa amri ya kutaja mipaka ya maeneo manne ya mvinyo, Chianti likiwa mojawapo. Jina lilipopata soko, majirani wakaanza kulitumia. Mwaka 1924 wazalishaji 33 walikutana katika mji wa Radda na kuunda chama cha kulinda mvinyo wao, wakachagua jogoo mweusi kuwa alama. Lakini biashara ilikuwa imekwisha kuwazidi nguvu, na mwaka 1932 serikali iliruhusu eneo pana zaidi la Toscana kutumia jina la Chianti. Wenye vilima vya asili walipewa neno la nyongeza ili watofautishwe. Neno hilo ndilo classico.

Kwa hiyo Chianti Classico inamaanisha kwamba zabibu zimetoka ndani ya mpaka wa kale, kwenye miji kama Radda, Gaiole, Castellina na Greve. Tangu mwaka 1996 imekuwa DOCG yake yenyewe yenye kanuni yake, tofauti na ya Chianti. Angalau asilimia 80 ya zabibu lazima ziwe aina ya Sangiovese, wakati Chianti ya kawaida inaruhusiwa kushuka hadi asilimia 70, na zabibu nyeupe zimepigwa marufuku tangu mwaka 2006. Kiwango cha chini cha kilevi ni asilimia 12. Jogoo mweusi huonekana kwenye kila chupa. Chupa iliyoandikwa Chianti bila Classico si ya bandia wala si lazima iwe duni. Imetoka tu nje ya mpaka huo.

Neno hilohilo hutumika kwingine kwa maana hiyohiyo. Soave, mvinyo mweupe wa karibu na Verona, ina vilima vya kale vinavyoitwa Classico, kisha ikapanuliwa hadi kwenye tambarare ambako mizabibu huzaa kwa wingi zaidi na mvinyo mara nyingi huwa mwepesi. Hapo tofauti kati ya chupa mbili za bei karibu sawa huweza kuonekana kwa mnywaji yeyote. Valpolicella nayo ina mabonde yake ya kale na nyongeza zake za baadaye, ingawa huko wapo wazalishaji walio nje ya eneo la Classico ambao mvinyo wao unauzwa ghali kuliko wa walio ndani. Mpaka wa kale huonyesha mahali kilimo kilipoanzia. Mkulima mvivu akiwa ndani ya mpaka anaruhusiwa kuandika classico sawasawa na jirani yake hodari.

Kwenye spumante, classico hubadilika maana, na hapa Waitalia wenyewe wangeweza kuwahurumia wanunuzi. Likitanguliwa na neno metodo, halitaji tena mahali. Linataja njia ya kutengeneza mapovu: mvinyo huwekwa kwenye chupa pamoja na sukari na hamira, ukachachuka mara ya pili humohumo, ukalala juu ya mabaki ya hamira kwa miezi mingi kabla ya kusafishwa. Ndiyo njia ya Champagne, lakini Umoja wa Ulaya uliwazuia wengine kuitaja Champagne kwenye lebo. Franciacorta, katika mkoa wa Lombardia, hukaa juu ya hamira angalau miezi 18, na Trento angalau miezi 15. Prosecco nyingi hupata mapovu yake ndani ya tangi kubwa la chuma lililofungwa, kwa wiki chache, na ndiyo sababu bei yake iko chini.

Riserva ni ahadi ya muda, na ndilo neno linaloongeza bei kuliko mengine yote. Sheria ya taifa inaweka kiwango cha chini: miaka miwili kwa mvinyo mwekundu na mwaka mmoja kwa mweupe. Juu ya hapo kila eneo linaongeza lake. Chianti Classico Riserva inadai miezi 24, mitatu kati ya hiyo ikiwa ndani ya chupa, na kilevi kisichopungua asilimia 12.5. Barolo ya Piemonte, yenye zabibu za Nebbiolo zilizojaa tanini, inadai miezi 38 hata kabla ya kuitwa Riserva, 18 kati yake ndani ya mapipa ya mbao. Barolo Riserva inadai miezi 62. Zabibu za mwaka 2018 zilitoa Barolo iliyoruhusiwa kuuzwa kuanzia Januari 2022, na Riserva yake ikasubiri hadi Januari 2024.

Muda huo haupotei bure. Ndani ya pipa, hewa kidogo hupenya mbao na kulainisha tanini, na rangi nyekundu ya zambarau huanza kuelekea wekundu wa tofali. Harufu ya tunda bichi hupungua, na mahali pake huja harufu ya tunda lililokaushwa, ngozi na tumbaku. Mvinyo uliokuwa na nguvu tangu mwanzo hufaidika. Uliokuwa mwepesi hukauka, tunda likaisha kabla tanini haijalainika, na kinachobaki ni ladha ya mbao. Sheria haimkatazi mzalishaji kutoa Riserva katika mwaka wa mvua nyingi na zabibu hafifu. Wengi waangalifu hawaitoi kabisa mwaka wa namna hiyo, lakini huo ni uamuzi wao. Ndiyo maana Riserva ya mwaka mbaya inaweza kushindwa na Chianti Classico ya kawaida ya mwaka mzuri, tena yenye bei nafuu.

Juu ya Riserva, Chianti Classico iliongeza ngazi iitwayo Gran Selezione, iliyoanza kuuzwa mwaka 2014. Hiyo inadai miezi 30, na zabibu ziwe za mashamba ya mzalishaji mwenyewe. Sharti hili la pili lina uzito kuliko miezi sita ya ziada, kwa sababu Riserva inaweza kutengenezwa kwa zabibu au mvinyo uliokusanywa kwa kununua.

Superiore halihitaji maelezo marefu. Huahidi mavuno machache zaidi kwa hekta na kilevi kilichozidi kidogo kile cha mvinyo wa kawaida wa eneo hilo, mara nyingi kwa nusu asilimia. Baadhi ya maeneo huongeza sharti la muda: Valpolicella Superiore hukaa angalau mwaka mmoja.

Chupa moja ya mfano inaweza kusomwa kwa utaratibu huu. Lebo ya mbele ina jina la shamba, kisha Chianti Classico, kisha Denominazione di Origine Controllata e Garantita, kisha Riserva, na mwaka 2019. Nyuma pameandikwa 14% vol na Imbottigliato all'origine. Mstari wa pili na wa tatu unasema zabibu zimetoka ndani ya mpaka wa kale na mvinyo umepita kwenye ukaguzi wa DOCG. Uthibitisho wake ni ukanda wenye namba na jogoo mweusi shingoni. Riserva inasema ulihifadhiwa miezi 24. Mwaka 2019 ni wa mavuno, si wa kuwekwa kwenye chupa. Secco haipo, na haihitajiki, kwa kuwa kanuni ya eneo haivuki gramu 4 za sukari. Asilimia 14 imepita kiwango cha chini kwa kiasi kikubwa, dalili kwamba zabibu ziliiva vizuri kwenye jua, na mnywaji atarajie mvinyo mzito unaotaka nyama choma kuliko samaki. Imbottigliato all'origine inamaanisha aliyeutengeneza ndiye aliyeuweka kwenye chupa, iwe ni shamba binafsi au ushirika wa wakulima. Kama pangeandikwa imbottigliato da likifuatiwa na jina la kampuni tu, ingewezekana kabisa kwamba kampuni hiyo ilinunua mvinyo uliokwisha kutengenezwa.

Miezi hiyo 24 inalinda chupa hadi inapotoka ghalani kwa mzalishaji, basi. Chupa ikishafika Dar es Salaam au Mombasa na kusimama miezi mingi kwenye rafu yenye joto, au dirishani panapopigwa na jua, hakuna neno la lebo linaloisaidia. Kizibo kilichosukumwa juu kidogo, alama za mvinyo uliovuja chini ya kifuniko, au mvinyo mweupe uliogeuka rangi ya kahawia ni dalili za kuirudisha rafuni, hata kama ni Riserva.

Yapo pia maneno yanayofanana na haya lakini hayana kipimo nyuma yake. Selezione peke yake, bila Gran na bila kanuni ya eneo, ni sifa ya mwuzaji. Vecchie vigne, yaani mizabibu ya zamani, haina umri uliowekwa. Kinyume chake, kuna chupa zisizo na neno lolote la heshima ambazo ni ghali mno. Tignanello, ya familia ya Antinori, hutoka kwenye vilima vya Chianti Classico vyenyewe, lakini kuanzia mavuno ya 1971 iliuzwa kama mvinyo wa mezani, kwa sababu mtengenezaji hakutaka kufungwa na kanuni ya wakati huo iliyolazimisha zabibu nyeupe kuchanganywa. Leo ni IGT ya Toscana. Hairuhusiwi kuandika classico, hairuhusiwi kuandika riserva, na bei yake ni mara kadhaa ya Chianti Classico Riserva nyingi.